Udhuru wa Jumamosi: kwa nini “nitajaribu” humuudhi msimamizi kuliko “sitaweza”

Nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kila mwisho wa mwezi unapokaribia huisikia imani ileile ikirudiwa na watu wenye akili timamu. Wanaamini kwamba mfanyakazi mwenye adabu, akiitwa kazini Jumamosi wakati ana jambo alilolipanga zamani, hapaswi kukataa waziwazi, bali ajibu “nitajaribu” au “tutaona”, kisha asitokee. Juma hili nimeisikia tena kutoka kwa kijana mchapakazi ambaye jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha ya zamu, na ambaye alishangaa kwa dhati kwamba msimamizi wake amekasirika ilhali yeye “hakumkatalia”. Nimeona niliandike jambo hili kwa urefu, kwa sababu linawaharibia sifa watu wasio na uvivu hata chembe.

Msimamizi anapouliza nani atafika Jumamosi, anahesabu vichwa. Akihitaji watu sita wa kuhesabu mali ya stoo, kila “nitajaribu” kwake ni mtu mmoja, sahani moja ya chakula cha mchana na nafasi moja katika gari la kuwarudisha watu nyumbani. Ikifika Jumamosi saa mbili asubuhi na waliofika ni wanne, hawezi tena kumpata wa tano, kwa kuwa huyo naye ameshatoka kwenda kwenye shughuli zake. “Sitaweza” iliyosemwa Alhamisi ingemwachia Ijumaa nzima ya kutafuta mtu mwingine. Ndiyo maana anayesema “nitajaribu” kwa nia ya kulinda heshima ya mkubwa wake humwachia mkubwa huyo aibu ya kusimama mbele ya meneja bila watu wa kutosha.

Upande wa sheria nitaupitia haraka, kwa sababu wengi wanaujua nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa juma, na inataka saa za ziada, yaani hiyo ovataimu, zifanyike kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila majuma manne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi katika siku ya mapumziko ya juma inahitaji ridhaa ya mfanyakazi na hulipwa mara mbili. Dharura ya kweli ina utaratibu wake, na wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika masharti haya ya saa. Soma pia mkataba wako kabla hujajibu, kwani huenda ulishakubali humo saa za ziada bila kukumbuka. Hata hivyo, simshauri mtu aitaje sheria katika jibu lake la kwanza. Mwenye udhuru wa siku moja akianza kwa vifungu, msimamizi husikia mgogoro mahali ambapo hapakuwa na mgogoro wowote, na jibu linalofuata huandikwa kwa ukali unaolingana.

Uongo nao usitumike. Ninautaja kwa sababu wapo wanaodhani kusema “nimefiwa” ni njia ya adabu zaidi. Katika ofisi zetu msiba huleta daftari la rambirambi ndani ya saa moja, na wenzako wakiuliza maziko yatakuwa wapi, utajibu nini?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukosewa zaidi, nalo ni mipaka ya udhuru. Msimamizi anaposoma jibu lako anajiuliza kama umekosa nafasi au umekosa nia. Hawezi kuiona nia yako, kwa hiyo huitafuta katika mipaka ya maneno yako. “Jumamosi nina mambo yangu” haina mpaka: haisemi ni Jumamosi hii au zote, wala kama jambo lenyewe lingeweza kusogezwa. “Mimi wikendi huwa siwezi” ni mbaya zaidi, kwa sababu inaufanya udhuru wa siku moja uwe tabia. Jibu lenye mpaka hutaja siku yenyewe, huonyesha kwamba ahadi ilitangulia ombi la kazi, na humfanya msomaji aone kwamba kuna watu wengine wanaomtegemea anayejibu. Mambo haya matatu yakiwepo, hata msimamizi mkali hupata shida kukuita mvivu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni mtu aeleze sababu kwa kiasi gani. “Shughuli ya kifamilia” imetumika hadi imekwisha nguvu; msimamizi akiisikia, huwaza mtu aliyelala. Kwa upande mwingine, kusimulia ukoo mzima na jinsi nauli ilivyopatikana kunageuza taarifa kuwa utetezi, na anayejitetea huonekana ana kosa. Kipimo ninachotumia ni kutaja nafasi yako katika jambo hilo. Kuna tofauti kubwa kati ya “kuna harusi” na “mimi ndiye mweka hazina wa kamati na malipo ya ukumbi yanafanyika siku hiyo”. Mgeni mwalikwa anaweza kuchelewa, lakini mwenye jukumu hawezi. Kama jambo lako ni la siri, kwa mfano matibabu, sema tu kwamba ni miadi uliyopangiwa na tarehe yake haibadiliki, na usiongeze neno.

Nichukue mfano wa kijana yule wa juma hili, kwa ruhusa yake. Ni mtunza stoo katika ghala la vinywaji, anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na Alhamisi jioni msimamizi wake, mama mmoja wa makamo, aliandika katika kundi la WhatsApp kwamba Jumamosi kuna kuhesabu mali. Kijana alikuwa mshenga wa binamu yake, na barua ya posa ilikuwa ipelekwe Morogoro siku hiyohiyo, kwa tarehe waliyopangiwa na upande wa binti tangu mwanzo wa mwezi. Yeye aliandika: “Sawa Mama, nitajaribu kufika.” Tulipokaa pamoja tuliandika jibu ambalo lingefaa:

“Shikamoo Mama. Nimeuona ujumbe wa kuhesabu mali. Jumamosi hii sitaweza kufika, kwa sababu mimi ndiye mshenga wa binamu yangu na tulipangiwa siku hiyo na wakwe Morogoro tangu mwanzo wa mwezi. Kesho nitabaki hadi saa mbili usiku nipange rafu za upande wangu na kufunga kadi za stoo, na daftari la chupa zilizovunjika nitamkabidhi mwenzangu wa zamu. Jumatatu nitaingia saa moja asubuhi tushughulikie tofauti zitakazoonekana. Naomba radhi kwa Jumamosi.”

Tazama kwamba radhi imeombwa mara moja tu, mwishoni. Anayeandika “samahani sana, naomba unisamehe, najua nimekukwaza” anafungua mlango wa biashara ya kupunguziana, kwa sababu majuto mengi humwambia msikilizaji kwamba ukisukumwa kidogo utakubali. Tazama pia kwamba kilichotolewa badala ya Jumamosi kinahusu kazi ileile. Kadi zilizofungwa na rafu zilizopangwa hupunguza kazi ya watakaofika, ilhali “siku nyingine nitafidia” haipunguzi chochote. Saa nazo zilipimwa: anaingia saa mbili asubuhi, kwa hiyo kutoka saa mbili usiku kunamfikisha kwenye saa 12, ambazo ndizo ukomo wa kisheria kwa siku moja. Mtu asijitolee kubaki hadi saa tano usiku kwa kuona haya, halafu ashindwe. Ahadi ya fidia iliyovunjika huumiza kuliko Jumamosi yenyewe.

Jibu hilo lilipaswa kwenda kwa msimamizi peke yake. Ukikataa ndani ya kundi, hata kwa lugha tamu, wa pili naye hukumbuka udhuru wake, wa tatu vilevile, na mama wa watu hubaki akisoma nyuzi za udhuru ambazo wewe ndiye uliyezianzisha. Ninashauri hivyo hata pale msimamizi alipouliza ndani ya kundi. Lakini usikae kimya ukidhani ujumbe wa faragha umeshasomwa. Kama hajajibu ndani ya saa chache, mpigie simu, kwa kuwa mtu wa makamo hupokea udhuru kwa sauti vizuri kuliko kwa maandishi.

Akirudi na swali, “Kwani hakuna mwingine wa kwenda Morogoro?”, wengi hapo huongeza sababu ya pili: kwamba pia mtoto anaumwa, na gari nalo limeharibika. Sababu ya pili huiua ya kwanza. Rudia ileile kwa upole: “Mama, wakwe wananisubiri mimi, na nikibadilishwa leo tutaonekana hatuna msimamo. Kesho nipo hadi saa mbili usiku kama nilivyosema.” Msimamizi wa Kiswahili anajua mshenga ni nani, huhitaji kumfundisha.

Njia bora kuliko zote hizi ni kuwahi. Kuhesabu mali mwisho wa mwezi hakumshtukizi mtu. Kijana alijua tarehe ya posa majuma matatu kabla, na siku hiyohiyo angeweza kusema: “Mama, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa Morogoro, nakuarifu mapema iwapo kutakuwa na kuhesabu mali.” Udhuru uliotolewa kabla ya ombi hauonekani kama kukataa.

Nina mashaka mawili ambayo siwezi kuyaficha. La kwanza ni kwamba maneno mazuri yana kikomo cha hesabu: anayetoa udhuru mwisho wa mwezi mara tatu mfululizo, kila mara kwa ukweli na kwa adabu, bado ataonekana mkwepaji, na sijui sentensi ya kumwokoa. Ninachoweza kumwambia ni kwamba Jumamosi za katikati, asizo na jambo, aombe mwenyewe kupangiwa.

La pili ni vibarua. Yote niliyoandika yanamfaa mwenye mkataba. Kibarua anayelipwa kwa siku akimwambia nyapara “Jumamosi hii sitaweza”, huenda asiitwe Jumatatu, na hakuna barua ya onyo itakayoonyesha kwamba ameadhibiwa. Baadhi yao hupeleka mtu wa kushika nafasi, anayejulikana na nyapara, na mara nyingi hilo hupokelewa vizuri. Lakini nimeona pia aliyeshikiwa nafasi akirudi na kukuta nafasi imeshachukuliwa moja kwa moja, kwa hiyo nikiulizwa na kibarua sithubutu kumpa jibu la haraka kama ninalompa mtunza stoo.