Lugha ya chapa wakati wa sikukuu: anza na kitenzi

Miongozo mingi ya lugha ya matangazo huanza na orodha ya salamu: Ramadhani andika hivi, Krismasi andika vile. Mimi huanza na safu moja tu, ya kitenzi. Kabla mwandishi hajagusa neno lolote, ajibu swali hili: siku hiyo watu wanafanya nini? Ramadhani watu wanafunga. Idi wanasherehekea. Ijumaa Kuu wanakumbuka mateso. Tarehe 14 Oktoba Watanzania wanamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki siku hiyo mwaka 1999. Kitenzi kikikosewa, hata tangazo lililopambwa vipi litasikika kama la mgeni, na kosa kubwa kuliko yote tunaloliona kila mwaka ni la aina hii hii: "Sherehekea Ramadhani nasi!"

Ramadhani haisherehekewi, hufungwa. Inapokewa, inakaribishwa, watu hutakiana mfungo mwema, lakini sherehe ni ya Idi. Kwa hiyo kwenye mwongozo, mbele ya neno Ramadhani nimeruhusu vitenzi vichache tu: kuupokea mwezi mtukufu, kufunga, kufuturu, kufuturisha, kula daku. Kufuturisha ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinabeba kitendo chenye heshima ambacho biashara inaweza kushiriki kweli: kumpa mwingine futari.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayouza unga wa ngano na tambi. Rasimu ya kwanza ya ujumbe wa simu imekuja hivi:

"Sherehekea Ramadhani kwa kishindo! Bei zetu nazo zimefunga! Ofa ya kufa mtu kwenye tambi, wahi sasa kabla ya saa 6!"

Kitenzi tumeshakisema. "Bei zimefunga" ni mchezo wa maneno juu ya ibada, na sheria yangu hapa haina mlango wa nyuma: maneno ya ibada (kufunga, swala, dua, sadaka, toba) hayachezewi ili kuuza. "Ofa ya kufa mtu" ni lugha ya mtaani inayofaa mnada wa Jumamosi, si mwezi ambao watu wanachunga ndimi zao. Na "saa 6" ni ipi, mchana au usiku? Mchana wa saa 6 mteja amefunga na yuko kazini, usiku wa saa 6 duka limefungwa.

Toleo lililorekebishwa ni hili:

"Swaumu njema. Tambi za gramu 400 ni Sh 1,500 badala ya Sh 1,800 mpaka usiku wa kuamkia Idi Mosi. Dukani tupo hadi saa 11 jioni."

Angalia "usiku wa kuamkia". Hiyo ndiyo namna ya Kiswahili ya kutaja mkesha bila kumchanganya mtu, nami nimeifanya kuwa ya lazima kila ofa inapoishia usiku. Ukanda wa pwani "usiku wa Ijumaa" kwa wengi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni jua likishazama. Msomaji wa bara huuelewa kuwa ni Ijumaa yenyewe usiku. Tangazo moja, siku mbili tofauti, na wateja wanaofika dukani ofa ikiwa imekwisha. Andika "Alhamisi usiku" au "usiku wa kuamkia Ijumaa", nawe utaeleweka Lamu na Dodoma.

Nimechagua "swaumu" badala ya "saumu" kwa makusudi. Zote mbili zinatumika, na kamusi huanza na "saumu", lakini hiyo ndiyo iliyo ndani ya "kitunguu saumu". Kwa kampuni ya vyakula au viungo, salamu ya "Saumu njema" kando ya picha ya jikoni inaleta maana isiyokusudiwa.

Ujumbe ule una herufi 127, nafasi zikiwemo, na kikomo cha SMS moja ni 160. Mbunifu akiongeza emoji ya mwezi mwishoni, kikomo kinashuka hadi 70, kwa sababu mfumo wa herufi unabadilika kwa ujumbe wote, si kwa emoji peke yake. Ujumbe unakatwa vipande viwili na gharama inakuwa mara mbili kwa kila namba. Kuna mtego mwingine wa namna hiyo ambao ni wetu waandishi wa Kiswahili: kibainishi cha "ng'ombe". Ukiandika kwenye programu ya kuchapia maandishi, alama hiyo mara nyingi hugeuzwa kuwa ya kujikunja (’), nayo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Kikomo kinashuka vilevile hadi 70, na kwa macho huoni tofauti. Kabla ya Idi ya Kuchinja, ambapo ng'ombe hawakosekani kwenye matangazo, weka alama iliyonyooka (') kwa mkono na utazame kihesabu herufi kabla ya kutuma.

Kuhusu picha na saa za kuchapisha: chakula kilichopakuliwa hakiwekwi kwenye kurasa zetu asubuhi wala adhuhuri wakati wa Ramadhani. Mapishi yatoke baada ya Alasiri, watu wanapoanza kufikiria jiko. Maneno yafuate saa pia. "Onja sasa" hayafai saa 9 alasiri. "Kwa futari ya leo" yanafaa. Futari ni chakula, kufuturu ni kitendo, daku ni mlo wa kabla ya alfajiri, na tangazo linalosema "chakula cha usiku cha Ramadhani" kwa kukwepa maneno hayo linamweleza msomaji kwamba mwandishi hayajui.

"Vunja jungu" nimeliweka kwenye safu ya kuepuka, na najua linauza. Kwa familia nyingi ni mlo tu wa mwisho kabla ya mfungo, lakini neno hilo pia limebeba starehe za kupindukia za siku hizo, zile ambazo mashehe huzikemea. Chapa haiwezi kuchagua msomaji atakumbuka maana ipi.

Kisha Idi, na shida yake ni tarehe. Ramadhani ni siku 29 au 30, na tangazo la mwezi kuandama hutolewa jioni ileile: Tanzania na Mufti, Kenya na Kadhi Mkuu. Wapo Waislamu wanaofuata mwandamo wa mahali pengine, hivyo mtaa mmoja unaweza kusali Idi siku mbili. Usipange salamu ijitume yenyewe. Andaa mbili. Ya jioni ya siku ya 29 ya mfungo, iwapo mwezi haujaonekana: "Tunakamilisha siku 30. Swaumu njema." Ya usiku wa mwandamo: "Mwezi umeandama. Idi Mubarak kwako na jamaa zako." Mtu mmoja mwenye jina lake kwenye ratiba ndiye anayebonyeza, akishasikia tangazo. Usiandike "leo Waislamu wote wanasherehekea", maana huenda jirani bado amefunga. "Idi Mubarak" pekee inamfaa kila mmoja siku anayosali.

Salamu ya usiku huo haibebi bei. Bei ije kesho yake, au iwe ilikwisha kuja kabla. Maneno mazuri ya Idi ni ya nyumbani: mkono wa Idi kwa watoto, nguo mpya, kutembeleana, pilau na biriani. Ukiandikia pwani unaweza kutumia "Mfunguo Mosi" kwa mwezi unaoanza na Idi hii, na "Mfunguo Tatu" kwa mwezi wa Idi ya Kuchinja; bara utahitaji kueleza, na salamu inayohitaji maelezo si salamu tena.

Zaka ya fitri iachwe kwa mashehe. Muuza unga hutamani kuandika kwamba mfuko wake "unatosha fitri ya mtu mmoja". Kipimo ni pishi, na masheikh hawakigeuzi wote kuwa kilo zilezile. Taja uzito wa mfuko, basi. Kwa Idi ya Kuchinja kumbuka kwamba siku moja kabla yake ni Arafa, na wengi hufunga, kwa hiyo ile kanuni ya picha za chakula inarudi kwa siku hiyo.

Pasaka ina siku mbili zenye vitenzi vinavyopingana, na hapo ndipo ratiba zilizonakiliwa kutoka mwaka jana huumbuka. "Heri ya Ijumaa Kuu" isiandikwe kamwe. Ni siku ya majonzi. Ama kaa kimya, ama andika "Tunaungana nanyi katika tafakuri ya Ijumaa Kuu", bila nembo ya ofa, bila rangi za kumeremeta. "Heri ya Pasaka" ianze Jumapili. Na usisahau Kwaresima inayotangulia: mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku zizo hizo. Mwaka kama huo, "mfungo mwema" inawafikia Wakristo na Waislamu kwa pamoja, na ni salamu bora kuliko mbili zilizobanwa kwenye bango moja. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mpangilio huo hautadumu. Ratiba ya misimu lazima iandikwe upya kila mwaka.

Kumbukizi za kitaifa hufuata kanuni ya Ijumaa Kuu. Tarehe 7 Aprili, siku ya Karume, na 14 Oktoba: "tunamkumbuka", "tunamuenzi", wala si "heri ya". Tarehe 9 Desemba ni "tunaadhimisha uhuru", na hapo heri inaruhusiwa.

Krismasi ni rahisi kwa salamu, ngumu kwa picha. "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" haihitaji kupambwa. "Noeli" itumike pale inaposemwa kweli: Kongo, Rwanda, Burundi, na kwa Wakatoliki wengi wa Tanzania. Theluji, makoti mazito na "joto la msimu" viondoke, kwani Desemba ya Dar es Salaam ni jasho. Weka kinachofanyika: safari ya kwenda nyumbani, nauli, stendi, kuku, nguo za watoto, mkesha kanisani. Kwa msomaji wa Kenya, "kwenda ushago" inasikika vizuri kwenye mtandao wa kijamii, si kwenye barua ya wateja.

Jihadhari na upatanisho wa nafsi, kosa linalojaa kadi za Desemba: "Tunakutakia nyote". Ukianza na mmoja, malizia na mmoja: "Tunakutakia wewe na familia yako". Ukianza na wengi: "Tunawatakia wateja wetu wote". SMS huenda kwa mtu mmoja mmoja, hivyo itumie umoja. Bango hutumia wingi. Vilevile chagua "heri" au "kheri" na ushikilie moja mwaka mzima.

Kuanzia 27 Desemba badilisha msamiati wote. Mteja aliyekuwa anasoma "karamu" sasa anahesabu ada, sare na madaftari. Maneno ya wiki hiyo ni "nafuu", "lipa kidogo kidogo", "kilo 5 za kutosha mwezi". Bango la "endelea kula raha" likibaki hadi wiki ya pili ya Januari, litakuwa linasomwa na mzazi aliyesimama kwenye foleni ya benki kulipa ada.