“That”, “which” na kazi ya mkato

Wengi tuliosoma Kiingereza darasani tulitoka na kanuni moja: “which” hutanguliwa na mkato, “that” hautanguliwi. Anayeishika hivyo hukutana na “which” isiyo na mkato, akaona kosa, akatia mikato miwili, na kuamini kwamba ameisahihisha sentensi. Mara nyingi huwa ameandika sentensi nyingine kabisa.

Chukua agizo hili la ofisini: “The files which are over ten years old should be burned.” Yaani mafaili yaliyozidi miaka kumi yateketezwe. Kabatini kuna ya miaka kumi na mitano na kuna ya mwaka jana. Agizo linahusu yale ya zamani tu. Sasa mhariri anapita na kuweka mikato: “The files, which are over ten years old, should be burned.” Hapa sentensi inasema mafaili yateketezwe, na kwa taarifa yako, yote yamezidi miaka kumi. Anayelitekeleza neno kwa neno atachoma kabati zima. Hakuna neno lililobadilika. Ni mikato tu.

Kishazi kisicho na mikato huchagua: kinatenga baadhi ya vitu na vingine. Kilichofungwa kwa mikato hakichagui chochote. Msomaji anachukuliwa kuwa ameshajua ni vitu gani, naye anaongezewa habari juu yake. Kiswahili kinayajua haya vizuri. Nikisema “dada yangu aliyesomea udaktari amefika”, utahisi ninao dada wengine. Nikisema “dada yangu, ambaye amesomea udaktari, amefika”, huenda ninaye mmoja tu, na udaktari wake nimeutaja kwa kupita. Sauti nayo hutua kidogo kabla ya “ambaye”.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni “yapi?” Mafaili yapi yateketezwe? Ikiwa jibu limo ndani ya kishazi, usiweke mikato. Ukikiondoa kishazi na agizo likabaki vilevile, weka mikato, na iwe miwili. Kuweka wa kwanza na kusahau wa pili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, na humwacha msomaji hajui kishazi kimeishia wapi.

Basi “that” inaingia wapi? Katika Kiingereza cha leo “that” hutumika karibu kila mara kwenye kishazi kinachochagua, kwa hiyo “The files that are over ten years old” haina utata wowote. Lakini “which” bila mkato nayo ni Kiingereza sahihi, na ni ya siku nyingi. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 linataja “the political bands which have connected them with another”, bila mkato, kwa maana ya kuchagua. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina “the things which are Caesar's”.

Wazo la kugawanya kazi, “that” ichague na “which” iongeze habari, lilipata nguvu kupitia H. W. Fowler, Mwingereza aliyetoa kamusi yake ya matumizi ya lugha mwaka 1926. Yeye mwenyewe alilitoa kama pendekezo, akakiri kwamba waandishi wengi, hata walio bora, hawakuwa wakiandika hivyo. Wahariri wa Marekani walilipokea pendekezo hilo kwa mikono miwili na kulifanya kanuni. Uingereza watu wanaendelea kutumia yote mawili. Ukiandikia chapisho la Marekani, fuata mgawanyo huo. Ni desturi ya nyumba yao, nayo inasaidia. Ila usiyahesabu kuwa makosa maandishi ya mtu wa kwingine.

Kuna mahali ambapo hata Mmarekani hana hiari. Kihusishi kikitangulia, ni “which” peke yake: “the box in which they were kept”. Huwezi kuandika “in that they were kept” kwa maana hiyo, na mkato hauhitajiki, maana kishazi hicho kinachagua sanduku.

Programu za kukagua sarufi ndizo zinazowapoteza wengi hapa. Inapoona “which” isiyo na mkato, programu huipigia mstari na kukupa njia mbili: weka mkato, au badili iwe “that”. Huziorodhesha kana kwamba zina uzito sawa. Haziko sawa. Kubadili neno kunaiacha maana ilivyokuwa. Kuweka mkato kunaigeuza. Katika agizo letu, njia ya kwanza inachoma faili la mwaka jana.