Jina la bandia halikufichi kwa wanaokujua

"Andika kwa jina la bandia tu, hakuna atakayekujua. Watumie na wenzako."

Kuna ukweli kidogo katika ujumbe huu unaosambazwa, na ndio unaochanganya watu. Jina la bandia humficha mwandishi kwa wasomaji wasiomjua kabisa. Lakini anaowahofia si hao. Ni bosi, mfanyakazi mwenzake au shemeji yake, na hawa hawahitaji jina; kisa chenyewe kinawatosha.

Tuseme mwanablogu anayejiita Mama Subira anasimulia kikao ambamo meneja alikata posho. Kikaoni walikuwa watu 6. Anagusia kwamba alikuwa ametoka likizo ya uzazi: wanabaki 2. Kisha anasema ndiye aliyeandika kumbukumbu za kikao. Amebaki peke yake, ingawa hakutaja kampuni wala mji.

Unaweza kujipima kwa njia hiyohiyo kabla ya kuchapisha. Andika majina ya wote waliokuwepo, kisha kwa kila jambo ulilotaja, kata wale wasioweza kuwa wamelisema. Likibaki jina lako tu, au lako na la mwingine mmoja, kuna jambo la kuondoa. Kubadili jina la ofisi hakusaidii kitu hapa. Kwa mambo ya familia ni vigumu zaidi, maana wanaojua kisa huwa wachache tangu mwanzo.

Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwa mtu anayejiandaa kuandika. Akishachapisha, hata akifuta, aliyepiga picha ya skrini anabaki nayo.