Picha za rejea zenye miwani, barakoa na filta: kwa nini sura haifanani na mwenyewe

Picha za rejea ni zile unazoipa modeli ya akili mnemba ili ijifunze sura ya mtu mmoja, kisha iweze kumtoa akiwa na nguo nyingine au mahali pengine. Njia ya DreamBooth, iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2022, ilionyesha kwamba hata picha 3 hadi 5 zinaweza kufanya kazi hiyo. Siku hizi wengi hufundisha LoRA, faili dogo linaloambatanishwa na modeli kubwa, kwa picha kumi na kitu au ishirini hivi. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, kila picha ina sauti kubwa.

Tuseme dada mmoja wa Dar anataka picha rasmi ya kuweka kwenye wasifu wake. Amekusanya picha 16: 5 amevaa miwani ya jua, 3 ana barakoa, 6 zimepita kwenye filta za urembo, na 2 tu ndizo sura yake kavu. Mafunzo yanakwisha, picha zinatoka nzuri kweli, ila ndugu zake wakiziona wanauliza huyu ni nani.

Modeli haijui nani ni mtu na kipi ni pambo lake. Inaangalia kinachojirudia kwenye picha zote zilizopewa jina lake, na kinachojirudia bila maelezo inakibandika kwa mwenye jina. Ndiyo maana miwani hujitokeza hata usipoiomba. Dawa ya hapo ni kuitaja kwenye maelezo ya picha, kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho modeli nyingi za picha zinachokielewa vizuri:

```
photo of zwn7 woman, wearing black sunglasses
```

Hapo `zwn7` ni jina la kubuni alilopewa dada huyo. Kitu kikishatajwa, hakibebwi sana na jina hilo. Lakini maelezo yanaondoa miwani tu, hayaleti macho. Yaliyokuwa nyuma ya kioo cheusi hayajawahi kuonekana, kwa hiyo modeli inayaazima kutoka kwenye nyuso nyingi ilizofundishwa zamani. Barakoa ni vivyo hivyo, ila yenyewe inachukua ncha ya pua, midomo na kidevu kwa mpigo mmoja.

Filta ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa watu huipa nafasi kwa sababu picha inaonekana safi. Miwani inaficha; filta inadanganya. Imechonga pua, imepunguza taya, imepanua macho, imefuta baka na kidoti cha shavuni, na mara nyingi imeng'arisha ngozi ya mtu mweusi mpaka ikawa ya mtu mwingine. Hakuna kilichofunikwa, kwa hiyo modeli inajifunza uongo huo kwa uaminifu ule ule inaojifunzia ukweli. Na kama picha zimetoka kwenye filta mbili tofauti, kila moja ina pua yake, matokeo yanaangukia katikati, kwenye pua isiyo ya mtu yeyote.

Kujua tatizo ni lipi, toa picha 8 kwa maelezo yale yale ukibadilisha `seed` peke yake, yaani namba ya bahati nasibu ambayo kila picha huanzia. Kiungo kinachobadilika kila picha, leo macho ya duara kesho membamba, ni kiungo ambacho modeli haikukiona vya kutosha. Kisichobadilika lakini si chake, kwa mfano kidevu kilichochongoka kwenye zote nane, hicho kimefundishwa vibaya. La kwanza linatibiwa kwa kuongeza picha za uso wazi. La pili halitibiki kwa kuongeza tu. Lazima picha za filta zitoke.

Kwa huyo dada, mimi ningetupa zote 6 za filta na 3 za barakoa, ningebakiza 2 za miwani zenye maelezo, kisha apigwe nyingine kumi karibu na dirisha, kwa pembe tofauti. Hapo pana mtego: simu nyingi hulainisha uso zenyewe kwenye kamera ya mbele, kwa hiyo hata zile 2 "kavu" zikaguliwe. Vuta picha mpaka shavu lijae kwenye skrini. Usipoona vinyweleo wala alama yoyote, imeguswa. Kisha tazama mstari wa mlango au vigae nyuma ya taya. Ukipinda pale tu unapokaribia uso, taya limebanwa. Zima `Beauty` kwenye kamera kabla ya kupiga.

Miwani ya macho yenye kioo cheupe haina shida kwa anayeivaa kila siku, mradi kioo kisiwe kinarudisha mwanga juu ya mboni.

Wapo wanaotafuta programu za kuondoa filta kwenye picha ambayo asili yake imepotea. Kidoti kilichofutwa hakimo tena kwenye faili, na programu ikikirudisha, imekibuni yenyewe mahali ilipopenda.