Umegusa asubuhi, umekatwa kesho: nauli ya basi inavyosafiri

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya mifumo ya malipo hapa Kampala, na swali ninaloulizwa zaidi na wanaorudi kutoka safari za nje ni hili: nimegusa kadi kwenye basi, taa ikawaka kijani, lakini benki haikukata kitu. Kesho yake ndipo ujumbe ukaingia, tena kwa kiasi ambacho si nauli ya safari hata moja. Je, nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kugusa na kukatwa ni matukio mawili tofauti, na sisi tunachanganyikiwa kwa sababu tumezoea yatokee pamoja. Kwenye taksi zetu konda ananyoosha mkono, unampa noti, mmemalizana. Ukilipa kwa MoMo au Airtel Money ni vivyo hivyo: unaingiza namba ya siri, ujumbe unakuja, salio limeshuka. Hakuna deni linalobaki njiani.

Sasa peleka utaratibu huo kwenye mlango wa basi la watu sitini. Kila mtu apokee ombi la malipo kwenye simu, aingize namba ya siri, asubiri ujumbe. Hata kama kila mmoja atatumia sekunde ishirini tu na mtandao usikwame, basi litasimama steji dakika ishirini. Ndiyo maana waendeshaji wa usafiri wa London walijiwekea lengo kwamba kadi isomwe ndani ya nusu sekunde. Katika muda huo huwezi kuiuliza benki kitu na kungoja jibu, hasa benki iliyoko Kampala wakati basi liko London.

Kwa hiyo mashine ya mlangoni haiulizi benki, inaiuliza kadi yenyewe. Ndani ya chipu kuna ufunguo wa siri usiotoka nje. Mashine inatuma namba ya kubahatisha, chipu inaitia sahihi kwa ufunguo ule, na mashine inahakiki sahihi hiyo kwa vyeti ilivyowekewa vya mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard. Hapo inajua kwamba kadi ni halisi. Kisha inaangalia kama muda wake haujaisha, na kama haimo kwenye orodha ya kadi zilizozuiwa ambayo imehifadhiwa ndani ya mashine. Yote yakiwa sawa, taa inawaka kijani. Zingatia kwamba hakuna mahali mashine imeona salio lako. Kijani maana yake ni "kadi hii ni ya kweli na haina deni tunalolijua", basi.

Mashine inaandika kadi iliyoguswa, saa na basi, halafu inapeleka kumbukumbu hiyo kwenye kompyuta kuu. Kule ndiko nauli inakotengenezwa. London wameendesha hivi kwenye mabasi tangu Desemba 2012 na kwenye treni tangu Septemba 2014. Siku yao ya nauli inaanza saa kumi na nusu alfajiri hadi muda kama huo kesho yake. Ikifungwa, miguso yote ya kadi moja inakusanywa, punguzo linawekwa, na benki inaombwa malipo mara moja tu.

Tuchukue abiria mmoja wa Bweyogerere, pembeni mwa Kampala, aliyekwenda London kumtembelea mwanawe. Mwaka 2025 nauli ya basi London ilikuwa pauni 1.75, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza hulipi tena. Anagusa kadi saa mbili na dakika tano asubuhi, anabadilisha basi saa tatu kasoro dakika kumi. Jioni anapanda saa kumi na moja na nusu, anabadilisha saa kumi na mbili na dakika kumi. Miguso ni minne, nauli zinazohesabika ni mbili, na kesho yake benki inakata pauni 3.50 kwa shilingi, kwa kiwango cha siku benki inapoyachakata. Hicho ndicho kiasi "cha ajabu" kwenye ujumbe. Kama ni mara yake ya kwanza kutumia kadi ile, huenda akaona pia ombi dogo la peni 10. Hilo ni jaribio la kuiuliza benki kama kadi iko hai, si nauli.

Lakini tuseme ile saa tatu kasoro alitoa simu badala ya kadi, kwa kuwa ameiweka kadi ileile ndani ya simu. Akaunti ni moja, benki ni moja, ila simu haitoi namba iliyoandikwa kwenye plastiki. Inatoa namba yake mbadala. Kwa kompyuta ya nauli hao ni abiria wawili, hivyo basi la pili si la bure tena. Kadi itadaiwa 3.50 na simu 1.75, jumla 5.25. Utalitambua kosa hili kwa kuona makato mawili ya siku moja, na ukifungua mipangilio ya kadi kwenye simu utaona tarakimu nne za mwisho za namba mbadala haziko sawa na zile za plastiki. Chagua kimoja, ukitumie kutwa nzima.

Na kama akauntini hamna kitu? Mguso wa kwanza utapita, kwa sababu mashine haina njia ya kujua. Benki ikikataa malipo, kadi inaingia kwenye orodha iliyozuiwa, orodha inasambazwa kwa mabasi yote, na mguso unaofuata unawasha taa nyekundu. Watu wengi hupigwa na butwaa hapo, kwa sababu wakati huo wameshaweka pesa benki. Salio la leo halifuti deni la jana mpaka malipo yale yaombwe upya na kukubaliwa. Usiigonge kadi tena na tena, lipa lile deni kwanza.

Nauli ya kwanza isiyolipika ndiyo hasara ya asili ya mfumo huu, na ndipo ninapotofautiana na wanaotaka tuuhamishie Kampala kama ulivyo. Akaunti ya pesa za simu haikatwi bila namba ya siri ya mwenyewe, na abiria wetu wengi hawana kadi ya benki. Programu za boda kama SafeBoda zilipita njia nyingine: unaweka pesa kwenye pochi ya programu mapema, safari ikiisha nauli inatolewa humo. Kigali nao, tangu 2015, wanatumia kadi ya Tap&Go inayojazwa salio kabla ya kupanda.

Kwa basi la mjini ningeanza na kadi ya kujaza, inunuliwe kwa amana isiyopungua nauli ya njia ndefu kuliko zote. Tuseme njia hiyo ni shilingi 3,000. Abiria mwenye salio la 500 aruhusiwe kupanda mara moja, salio lake liende hasi 2,500, na azuiwe hadi ajaze kwa simu. Akiitupa kadi, amana inafunika deni. Mashine inabaki na haraka yake mlangoni, hata basi likiwa mahali pasipo na mtandao, na konda halazimiki kumshusha mama mwenye mizigo usiku kwa sababu ya shilingi 2,500.