Karani na Excel: anza na safu ya kiasi, VLOOKUP itakungoja

Makarani wengi wanaokuja kwangu kujifunza Excel huja na orodha yao mkononi: VLOOKUP ya kutafuta taarifa, PivotTable ya kutengeneza muhtasari na, muda ukiruhusu, makro za kurudia hatua zenyewe. Wameyaona hayo kwenye matangazo ya kazi. Mimi huwaomba kwanza wanifungulie faili wanalolitumia kazini kila siku, na mara nyingi siku hiyo inaisha bila VLOOKUP kutajwa.

Chukua mfano wa dada mmoja aliyekuwa karani wa madeni kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi alitakiwa kumpa bosi orodha ya wateja wanaodaiwa. Mwezi wa nne alikuwa na ankara 64. Excel ilijumlisha ikatoa shilingi 18,450,000, kikokotoo cha mezani kikatoa 21,300,000. Yeye aliamini kikokotoo. Kwa miezi kadhaa alikuwa anajumlisha kila kitu mara mbili, halafu anafuta jibu la Excel na kuandika la kikokotoo juu yake.

Kosa lilikuwa kwenye ankara tatu. Aliyemtangulia kwenye meza ile alikuwa na mazoea ya kuandika fedha kama tunavyoziandika kwenye risiti: 1,200,000/= na 950,000/= na 700,000/=. Ukimalizia tarakimu kwa "/=", Excel haioni tena namba, inaona maneno, na SUM ikikutana na maneno huyaruka kimyakimya. Jumlisha hizo tatu upate 2,850,000, ambayo ndiyo tofauti yake kamili.

Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ninaofundisha ni kujua kama kilichomo kwenye seli ni namba kweli. Kwa macho, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maneno upande wa kushoto, ila mtu akiwa amepanga kila kitu katikati, dalili hiyo imepotea. Kipimo kisichodanganya ni hiki:

```
=COUNTA(D2:D65)-COUNT(D2:D65)
```

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu zenye namba tu. Jibu likiwa 0, safu ni salama. Kwa yule dada lilitoka 3. Dawa ilikuwa Ctrl+H: tafuta /=, sehemu ya kubadilishia iache tupu, bonyeza Replace All. Namba zikarudi kuwa namba na jumla ikafika 21,300,000.

Tarehe ni ndugu wa tatizo hilo, na yeye ni msumbufu zaidi kwa sababu hukosea nusu tu. Benki au kampuni ya simu ikikutumia taarifa ya CSV yenye tarehe za mtindo wetu, siku kwanza kisha mwezi, na kompyuta yako imepangwa Kimarekani, 03/04 itasomwa kuwa tarehe 4 Machi. Lakini 13/04 haiwezi kusomeka hivyo, maana hakuna mwezi wa 13, basi inabaki maneno. Matokeo yake siku 12 za mwanzo wa Aprili zinatawanyika Januari hadi Desemba, na zilizobaki si tarehe kabisa. Utaligundua ukifungua kichujio cha safu ya tarehe ukakuta malipo ya Desemba ambayo haijafika. Usianze kurekebisha seli moja moja. Funga faili bila kuhifadhi, nenda kwenye mpangilio wa Region wa Windows uchague English (United Kingdom), kisha fungua upya. Ukishahifadhi faili lililopinduka, hutajua tena ipi ilikuwa Machi na ipi Aprili.

Cha pili ni umbo la daftari. Mstari mmoja, ankara moja. Jina la mteja liandikwe kwenye kila mstari hata kama amechukua mzigo mara sita, vichwa vya safu viwe mstari mmoja tu wa juu, na pasiwe na mistari mitupu wala jumla ndogondogo katikati. Seli zilizounganishwa kwa Merge & Center ziachie karatasi ya kuchapishwa. Yule dada pia alikuwa na rangi: nyekundu hajalipa, kijani kalipa, na njano nilipomuuliza akacheka, hakumbuki. Tukaongeza safu ya Hali yenye maneno mawili tu, Bado na Kalipa. Kisha Ctrl+T, daftari likawa jedwali rasmi la Excel, tukalipa jina Ankara. Faida yake ni kwamba ukiongeza ankara ya 65 fomula zinaiona zenyewe, huhitaji kukumbuka kubadilisha D65 kuwa D66. Kupanga na kuchuja unajifunza hapo hapo kwa nusu saa, sitakaa nayo.

Sasa ndiyo fomula, na hapa natofautiana na walimu wengi. Mimi natanguliza SUMIFS kabla ya VLOOKUP. Bosi wa duka hasemi "nitafutie", husema "huyu fundi ananidai au namdai kiasi gani?" Hilo ni swali la kujumlisha kwa masharti:

```
=SUMIFS(Ankara[Kiasi],Ankara[Mteja],A2,Ankara[Hali],"Bado")
```

Isome hivi: jumlisha Kiasi, pale ambapo Mteja ni yule aliyeandikwa A2, na Hali ni Bado. Kama Excel yako inakataa mkato kati ya sehemu, jaribu nukta mkato, inategemea mpangilio wa kompyuta. Ukiielewa hii, COUNTIFS umeshaipata, kwa sababu inahesabu badala ya kujumlisha. Kitakachokusumbua ni majina. "Juma Hardware" na "Juma Hardware " yenye nafasi mwishoni ni wateja wawili mbele ya Excel. TRIM inaondoa nafasi hizo, ila kwa daftari la muda mrefu, heri kila mteja apewe namba yake, na fomula zifuate namba hiyo.

Hatua iliyobadilisha kazi ya yule dada ni ya nne, kulinganisha orodha mbili. Wateja walikuwa wanalipa kwa simu, na kila wiki alikaa siku nzima na taarifa ya malipo upande huu na daftari upande ule, akiweka tiki kwa kalamu. Namba za simu zilikuwa ndiyo kiungo pekee, lakini hazikufanana. Kwenye taarifa zilianza na 255. Kwenye daftari nyingine zilianza na 0 na kuachwa nafasi katikati, nyingine sifuri ilishadondoka, maana Excel huitupa sifuri ya mbele ukiandika namba ya simu kwenye seli ya kawaida. Ila zote zina kitu kimoja sawa, tarakimu tisa za mwisho. Tukaongeza safu ya Ufunguo kwenye orodha zote mbili:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(C2," ",""),9)
```

SUBSTITUTE inafuta nafasi, RIGHT inachukua tarakimu tisa za kulia. Mitindo yote mitatu ikatoa ufunguo uleule.

Ndipo VLOOKUP ikaingia. Tulitaka kujua kila malipo ni ya mteja gani, basi tukatengeneza karatasi ya Wateja yenye ufunguo safu ya kwanza na jina safu ya pili, na F2 ni ufunguo wa malipo tunayoyatafutia mwenyewe:

```
=VLOOKUP(F2,Wateja!$A$2:$B$90,2,FALSE)
```

Neno FALSE pale mwishoni usiliache kamwe. Ukiliacha, Excel huchukua kinachokaribiana, na hukupa jina la mtu mwingine bila onyo lolote. Nimewahi kuona malipo ya mteja mmoja yakiandikwa kwa jirani yake wa orodha kwa sababu hiyo, na aliyegundua ni mteja mwenyewe, kwa hasira. Wenye Excel 2021 au Microsoft 365 wana XLOOKUP, ambayo yenyewe hutafuta kinacholingana kabisa. Lakini faili lenye XLOOKUP likifunguliwa kwenye Excel 2016 ya ofisi, fomula haitafanya kazi, kwa hiyo ijue VLOOKUP hata kama huipendi.

Kikomo kingine cha VLOOKUP ndicho kinachonifanya niitangulize SUMIFS. VLOOKUP ikipata jibu la kwanza inasimama. Mteja akilipa mara mbili mwezi huohuo, ukimtafuta kwa VLOOKUP upande wa malipo utaona malipo ya kwanza tu, na utampigia simu kumdai pesa aliyokwisha lipa. Jina, bei ya bidhaa au eneo, vitu ambavyo kila mmoja anacho kimoja, tafuta kwa VLOOKUP. Malipo, ambayo yanaweza kuwa mengi, jumlisha kwa SUMIFS.

Baadhi ya mistari itatoa #N/A, yaani ufunguo haukupatikana, na makarani wengi huikimbilia na IFERROR wakaifanya tupu ili karatasi ipendeze. Iache. #N/A ndiyo orodha ya kazi yako. Mwezi ule zilitoka tano: mbili walilipa kwa simu za wake zao, mmoja alikuwa amebadilisha laini, moja ilikuwa namba iliyoandikwa vibaya dukani, na ya tano ilikuwa pesa ya mtu asiyejulikana aliyetuma kimakosa. Kupiga simu tano ni kazi ya saa moja. Kutafuta tano hizo kati ya mistari yote ndiko kulikomla siku nzima.

PivotTable naifundisha mwisho, na kwa sababu jedwali tayari limenyooka, somo lenyewe halizidi dakika ishirini. Mteja unamvuta kwenye Rows, mwezi kwenye Columns, Kiasi kwenye Values, Hali kwenye Filters. Excel ikikuhesabia idadi badala ya kujumlisha, rudi kwenye kile kipimo cha COUNTA, huenda kuna "/=" imejificha mahali. Na kumbuka kwenye Excel nyingi haijisasishi yenyewe: umeingiza ankara mpya asubuhi, usipobofya kulia ukachagua Refresh, bosi atapewa deni la jana.

Makro, chati za kupendeza na IF zilizopandana saba saba ziweke kando kwa sasa. Kama kipo cha kuongeza baada ya hapo, ni Power Query, na hapo ni pale utakapochoka kusafisha taarifa ileile ya simu kila wiki kwa hatua zilezile.

Yule dada tulikutana mara sita, Jumamosi. Karatasi anayompelekea bosi siku hizi ina mistari mitatu juu ya orodha ya madeni: jumla ya ankara, jumla ya malipo yaliyotambuliwa, na jumla ya malipo ambayo mwenyewe hajajulikana, na pembeni ya huo wa tatu ameandika ameshampigia nani na nani bado hajapokea.