Ukuta wa saa moja, tundu la dakika chache

Hivi karibuni nilikagua jengo moja la ghorofa Kariakoo. Ghorofa ya tatu kuna stoo ya mabegi na vitenge, na kati yake na ngazi umejengwa ukuta wa tofali za saruji, umepigwa lipu pande zote mbili. Ukuta wa namna hiyo, ukijengwa sawasawa, huzuia moto kwa saa moja na zaidi. Mwenye jengo alinionyesha kwa fahari, na hakukosea. Nikasukuma ubao mmoja wa dari nikamulika tochi.

Huko juu bomba la plastiki la maji taka, la milimita 110, limetoboa ukuta. Nafasi iliyolizunguka imejazwa lile povu la njano mafundi wanalobandikia fremu.

Sasa stoo ikiwaka inakuwaje? Tanuri la kupimia kuta hufikishwa nyuzi 576 za Selsiasi ndani ya dakika 5 za mwanzo. Plastiki ya bomba hulegea karibu na nyuzi 80. Joto halijafika hata katikati ya tofali, bomba limeshayeyuka, povu limeungua, na ukuta umebaki na tundu la kupitisha ngumi. Moshi unaingia kwenye ngazi wanayokimbilia watu. Dawa yake ni kola ya chuma inayofungwa kuzunguka bomba, kila upande wa ukuta. Ndani ina kitu kinachovimba kwa joto, kikalibana bomba linalolegea mpaka tundu likaziba. Uwazi unaobaki ujazwe saruji, siyo povu.

Mlango wa ngazi ulikuwa wa mbao nzito, unene milimita 44. Mwenyewe aliniuliza kama aweke wa chuma. Bati jembamba kweli haliwaki, ila hupitisha joto upesi na kupinda, ukaacha mianya. Mbao nene huungua taratibu, kama milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa wake huikinga mbao iliyo nyuma yake. Kwa nusu saa ni milimita 21, hata nusu ya mlango haijaliwa.

Kilichoharibu mlango ule ni randa. Wakati wa masika ulivimba ukawa unakwama, fundi akauranda ubavuni, akaondoka na ule ukanda mwembamba unaovimba kwenye joto la kama nyuzi 200 na kuziba mwanya. Mwanya unaofaa ni takribani milimita 3, unene wa kadi nne za benki zilizopangwa pamoja. Pale kadi kumi zilipita bila kugusa. Mlango ule hauna budi kubadilishwa.

Tena ulikuwa umeegeshwa kwa tofali. Vijana wa mizigo hupita hapo kutwa nzima na maroba begani, sikuwalaumu. Nililoandika kwenye ripoti ni sumaku ya ukutani inayoushikilia mlango wazi na kuuachia ujifunge wenyewe king'ora kinapolia.